Unga mweupe unaorudi ukutani na sakafuni: acha kuuosha, fuata maji

*Kaka fundi, habari za kazi. Tulihamia nyumba yetu Kigamboni mwaka 2022, na tangu masika ya kwanza sijapumzika na unga mweupe. Sebuleni, ukuta wa upande wa bustani unatoa vumbi kama chumvi kuanzia sakafuni hadi usawa wa mkono wa kochi. Rangi inavimba, ukiigusa inabanduka na skimu yake. Sakafuni marumaru zenyewe ni safi, ila kwenye mistari panaota unga. Nikipiga deki asubuhi, jioni umerudi. Nimeosha kwa sabuni, nimetia blichi. Fundi akaja na asidi, ukapotea wiki mbili, kisha ukarudi mwingi kuliko mwanzo. Mwaka jana tulikwangua tukapaka rangi ya mafuta, ikatoa malengelenge. Wakati wa ujenzi maji tulinunua kwa jirani mwenye kisima, yana chumvi kidogo. Kuta za vyumbani zilitoa unga mwaka wa kwanza, sasa zimeacha. Fundi anasema tubandike marumaru ukutani hadi mita moja, tusahau. Nimpe kazi?*

*Mama wa watatu, Kigamboni*

Usimpe, dada yangu, walau si sasa. Najua hamu ya kufunika kitu kinachokukera kila asubuhi, maana na mimi nilishaifanya kazi hiyo hiyo kwenye ukuta wa jiko langu, nikiwa fundi mzima na akili zangu. Nilibandika marumaru hadi usawa wa meza, nikajisifu. Kabla mwaka haujaisha unga ulikuwa umetoka juu ya marumaru ya mwisho, umejipanga mstari mzuri kama uliochorwa kwa rula. Unyevu uliokuwa ukipumulia chini niliuzibia njia, nao ukapanda kutafuta njia nyingine.

Chumvi haina miguu. Iko ndani ya tofali, ndani ya lipu, ndani ya udongo wa nje, na itakaa humo miaka na miaka bila kukusumbua mpaka maji yaiyeyushe na kuibeba. Maji yakifika usoni mwa ukuta yanakauka na kwenda zao, chumvi inabaki hapo. Huo ndio unga wako. Kwa hiyo unapouosha kwa maji unaiyeyusha upya, nusu inaingia kwenye kitambaa na nusu inanywewa tena na ukuta, halafu jua la mchana linaitoa nje. Kila deki yenye maji mengi inalisha ile mistari ya sakafuni.

Blichi nayo ina kisa chake. Ikishamaliza kazi yake, kinachobaki ni chumvi, ile ile ya mezani. Na ile asidi kali, kama ni ya aina inayouzwa kusafishia vyoo na saruji, inakula grauti na saruji iliyo chini yake, na katika kula huko inatengeneza chumvi nyingine inayopenda maji kupita kiasi. Wiki mbili za usafi ulizilipia kwa grauti iliyotoboka vitundu. Pitisha ukucha kwenye mistari: kama inachubuka na kutoa mchanga, ndiyo hiyo.

Sasa tusome ukuta wako, kwa sababu barua yako imeshasema mengi. Vyumba vya ndani vilitoa unga mwaka wa kwanza vikaacha. Hiyo ilikuwa chumvi ya ujenzi, yaani ile iliyokuja na maji ya kisima na mchanga. Nyumba mpya ina maji mengi ndani yake. Yanapokauka yanaitoa chumvi mara moja, na yakiisha, mchezo umeisha. Chumvi ya namna hiyo hutokea popote, juu karibu na dari au kwenye ukuta usiogusa nje, na kila msimu hupungua. Lakini ukuta wa sebuleni unatoa unga kuanzia sakafuni hadi kwenye kochi, upande mmoja tu, tena upande wa bustani, na haupungui. Huo una maji mapya yanayoingia kila mara. Chumvi ya ujenzi ipo pia, bila shaka, ila anayeisukuma ni maji ya bustani.

Toka nje ukatazame. Nadhani utakuta mambo matatu, au mawili kati ya hayo. La kwanza ni udongo wa bustani uliolundikwa ukutani mpaka umepita usawa wa sakafu ya ndani. Upime hivi: ingia ndani, pima kutoka kizingiti cha dirisha hadi sakafuni, kisha toka nje upime kutoka kizingiti kile kile hadi kwenye udongo. Kipimo cha nje kikiwa kifupi, udongo wako uko juu ya sakafu. La pili ni lipu ya nje iliyoshuka hadi kuzama ardhini. Juu ya msingi huwekwa nailoni, mafundi huiita dipisii, ili kuzuia unyevu wa ardhini usipande. Lakini lipu ikipita nje yake ikaingia udongoni, inakuwa kama utambi wa taa ya mafuta, inanyonya chini na kupandisha juu, na nailoni imebaki katikati haina kazi. La tatu ni bomba la gata linalomwaga maji ya paa pale pale chini ya ukuta, au mpira wa kumwagilia maua unaofunguliwa kila jioni.

Kabla hujachimba chochote, fanya vipimo viwili rahisi. Kwangua unga kijiko kimoja ukiwa mkavu, utie kwenye glasi ya maji ya mvua au ya chupa, koroga. Ukiyeyuka wote, ni chumvi inayoyeyuka, na asidi haikuwa na faida yoyote tangu mwanzo. Usipoyeyuka ukakaa chini, mwaga maji, dondoshea siki. Ukitoa povu, hiyo ni chokaa iliyotoka kwenye saruji. Naona ya ukutani kwako itayeyuka, na ya sakafuni huenda ikawa mchanganyiko. Usipime kwa ulimi. Na kama unga haukwaruzi vidoleni, unapakaa kama masizi na kunuka uvundo, huo ni ukungu na dawa yake ni nyingine kabisa.

Kipimo cha pili ni cha sakafu. Kata kipande cha nailoni nzito inayoonyesha, upana na urefu nusu mita, kitandaze sakafuni kikipita juu ya mistari kadhaa, ukizungushie selotepu pande zote nne pasipite hewa. Kiache siku mbili, usipige deki jirani yake. Ukikuta matone chini ya nailoni, upande ulioelekea marumaru, maji yanatoka chini. Kukiwa kukavu, unyevu wako ni wa deki na wa juu juu, na hapo umepona kwa bei nafuu. Weka viwili, kimoja karibu na ukuta wa bustani na kingine katikati ya sebule. Tofauti yake itakuambia kama maji yanaingia ubavuni au jamvi zima, yaani zege lililo chini ya marumaru, limekaa bila nailoni chini.

Nyongeza ndogo: siku hiyo hiyo usiku, funga bomba zote, soma mita ya maji kabla ya kulala na usome tena alfajiri. Namba ikisogea, kuna bomba linalovuja, na kama limepita chini ya sakafu huna haja ya kumtafuta mchawi mwingine.

Tukichukulia vipimo vimenipa haki kuhusu bustani, kazi inaanza nje. Chimba udongo kando ya ukuta, upana wa mita moja hivi, mpaka uso wake ushuke sentimita 15 hadi 20 chini ya sakafu ya ndani. Uache ukienda mbali na nyumba kwa mteremko, sentimita 3 kwa kila mita zinatosha. Maua yahamie mbele. Ukishachimba, mwambie fundi akate lipu ya nje kwa grainda, mstari ulionyooka, sentimita 15 juu ya ardhi mpya, aondoe yote ya chini ya mstari huo. Hapo kuna jambo ninalotaka ulisimamie mwenyewe: mafundi wengi wakishakata wanaona tofali liko uchi, wanahisi kazi haijaisha, wanalipiga lipu tena hadi chini. Akifanya hivyo amerudisha utambi. Acha tofali la chini lipumue. Gata nayo iongezewe bomba lipeleke maji mbali. Kama unaweza, yamalize haya kabla ya masika.

Halafu ndani unabandua. Toa lipu yote iliyoharibika, na usiishie pale unga ulipoishia. Panda nusu mita zaidi ya mstari wa juu, kwa sababu chumvi iliyo ndani imetangulia kupanda kuliko ile unayoiona. Kwangua viungio vya tofali kina cha sentimita moja na nusu hadi mbili, piga brashi ngumu kavu, zoa vifusi vyote na uvitupe nje ya kiwanja. Usivimwage bustanini, hiyo chumvi umeitoa kwa jasho.

Kisha subiri. Hapa ndipo kazi nyingi zinapoharibikia, maana sebule ina tofali uchi na wageni wanakuja. Hesabu ya wajenzi ni kama mwezi mmoja kwa kila sentimita 2 na nusu za unene wa ukuta, kwa hiyo kama tofali lako ni la inchi 6, linaweza kutaka hadi miezi sita. Upepo wa Kigamboni unasaidia, madirisha yawe wazi, kochi likae mbali na ukuta. Katika kipindi hicho unga utatoka, tena mwingi, na safari hii utafurahi kuuona, kwa sababu unatoka usirudi. Kila wiki mbili pitisha brashi kavu, tandika gazeti chini ukusanye. Fundi mmoja mzee niliyefanya naye kazi alikuwa akiweka vumbi la kila mara kwenye kopo lake la peke yake, makopo anayapanga dirishani. Makopo yakianza kuwa matupu, ndipo anapochanganya lipu. Sijaona kipimo cha bei rahisi kuliko hicho.

Ukitaka kuharakisha kutoa chumvi, na una uvumilivu wa kuchezea uji, loweka karatasi nyeupe za chooni kwenye maji ya mvua, zivuruge ziwe kama ugali mwepesi, uzikandike kwenye tofali lililo uchi unene wa sentimita moja na nusu. Ziache zikauke zenyewe mpaka zianze kuchanika na kuanguka, yaani siku 10 au wiki mbili. Maji ya karatasi yanaingia ukutani, yanayeyusha chumvi, na yanapokauka kupitia karatasi yanaiacha ndani yake. Zibandue, zitupe, rudia mara mbili au tatu. Tumia maji ya mvua kweli. Ya kisima cha jirani utakuwa unaongeza unachotoa. Njia hii inafaa sehemu zilizozidi, si ukuta mzima.

Kuhusu lipu mpya, mchanga uwe wa mto, uliooshwa, na maji ya kunywa. Ukisikia lori limeleta mchanga wa ufukweni, lirudishe. Mchanganyiko ninaoupendekeza kwa ukuta wako ni ndoo moja ya saruji, ndoo moja ya chokaa ya mfuko na ndoo sita za mchanga. Fundi atasema hiyo ni dhaifu, na atataka moja kwa tatu na dawa ya kuzuia maji. Lipu ngumu namna hiyo ni nzuri kwenye tangi. Kwenye ukuta wenye chumvi inafanya kile kile kilichofanywa na rangi yako ya mafuta. Maji yanakauka nyuma yake, chumvi inaganda hapo kwa fuwele, na fuwele zikikua zinasukuma lipu mpaka inaachia vipande. Nyumba za Mji Mkongwe wa Unguja zilijengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na zimeishi vizazi na vizazi na hewa ya bahari kwa sababu ukuta unanyonya na kutoa. Zile zilizopigwa saruji juu ya chokaa ndizo unazoziona zinamenyuka.

Lipu ikikauka, usiweke skimu ya jipsamu kwenye mita moja na nusu ya chini. Jipsamu inalainika ikiguswa na unyevu, nayo yenyewe ni chumvi ya aina yake. Paka chokaa, au rangi ya maji isiyong'aa, tena baada ya kusubiri. Rangi ya silki na ya mafuta zikae mbali na ukuta huo walau mwaka mzima. Na usishtuke asubuhi za masika ukiona madoa kama ya maji yanayopotea saa sita. Chumvi iliyobaki hunyonya unyevu wa hewani wenyewe unapofika kama asilimia 75, na Dar es Salaam asubuhi inafika hapo bila kuombwa. Hilo si bomba wala si ardhi.

Sakafu imebaki, nayo nitakuwa mkweli. Kama kile kipande cha katikati ya sebule kilikuwa kikavu, huna kazi kubwa. Acha deki ya kumwaga, fagia kavu kwanza, kisha tumia kitambaa kilichokamuliwa sana. Ikiwa unga wa kwenye mistari ulitoa povu kwa siki, lowanisha mistari kwa maji safi, paka siki uliyoichanganya kikombe kimoja kwa vitano vya maji, sugua dakika mbili, suuza, na maji yote uyakaushe kwa kitambaa, yasiachwe yanywewe. Mara moja inatosha, siyo kila wiki. Usiitumie kama sakafu ni ya mawe asilia au terazo, na kamwe usiichanganye na blichi, wala kuitia mahali penye blichi ambayo haijasuuzwa, kwa maana hewa inayotoka hapo inaumiza mapafu. Asidi kali isirudi tena ndani ya nyumba hiyo. Mistari iliyotoboka ikwanguliwe na kujazwa grauti mpya baada ya bustani kushushwa, siyo kabla.

Lakini kama nailoni ya katikati ililoa, jamvi lako linanyonya ardhi na hakuna dawa ya kupaka juu itakayolizuia. Zile dawa za kung'arisha mistari zinahamishia unga kwenye marumaru ya jirani au zinainua marumaru yenyewe. Gonga marumaru kwa kifundo cha kidole, zinazolia tupu zimeshaanza kuachia. Dawa ya kweli ni kubandua marumaru, kutandika nailoni ya geji 1000 juu ya jamvi, viungio vipishane vizuri na kingo zipande ukutani, kisha kumwaga zege jembamba jipya lisilopungua sentimita 5 na kubandika upya. Sakafu itapanda, milango itakatwa chini, na kizingiti cha varanda kitabadilika. Ni gharama. Wapo wateja niliowashauri wasifanye: walifagia kavu, wakaishi na mstari mweupe kidogo mwezi wa nne na wa tano, na nyumba iko salama. Ukuta unaobomoka ndio wa kushughulikia kwanza.

Kitu kimoja tu kisisubiri. Ukibandua lipu ukakuta nguzo ina ufa wa wima wenye rangi ya kutu, chumvi imefika kwenye nondo. Hapo mwite mhandisi aione kabla fundi hajaifunika, hata kama fundi ameshachanganya saruji.